Mrejesho: mhusika aliyetetemeka akikata kona

Swali langu lilikuwa: "Nimeacha mchoro wa hali wa kuendesha mhusika wa mchezo wa kompyuta, sasa natafuta pozi kwenye hifadhidata ya miondoko iliyorekodiwa. Mbona mhusika anatetemeka akikata kona?"

Wakuu, asanteni, limetatuka. Kosa lilikuwa kwenye mizani, yaani uzito wa kila kipengele ninacholinganisha. Natafuta fremu yenye umbali mdogo zaidi wa mraba, kwa kulinganisha nyayo, nyonga na njia anayotakiwa kufuata mbele. Njia ikikosea mita 1, gharama ni 1. Unyayo ukikosea sentimita 10, ni 0.01 tu. Basi utafutaji ulipenda fremu yenye njia nzuri hata kama mguu wa kushoto uko mbele badala ya wa kulia, na kila kuruka kwenda fremu nyingine kulibadilisha mguu.

Niligawanya kila kipengele kwa mkengeuko wake wa kawaida katika hifadhidata nzima. Jana usiku hapa Kondele mhusika alikata kona akitua mguu sahihi, nikafurahi mno! Pia natafuta kila fremu 6, yaani sekunde 0.1, si kila fremu.

Kugeuka ghafla nyuma bado anateleza. Hapo mizani haisaidii: sina rekodi ya mwendo huo, na utafutaji hauwezi kuchagua kisichorekodiwa. Narekodi Jumamosi.