Mshumaa wa saa nne unatofautiana kwa broka wawili, nifuate upi?

Wakuu, habari za leo. Nipo Dar, natredi EURUSD kwa kusubiri mshumaa wa H4 ufunge. Wiki iliyopita MT5 ya broka wangu ilinionyesha mshumaa wenye mkia mrefu chini, nikanunua. Rafiki yangu wa broka mwingine akafungua chati yake: mkia haupo, kuna mishumaa miwili ya kawaida tu. Nikadhani nachezewa bei.

Tulipoweka H1 zote mbili zikalingana, zikipishana pointi chache. Kumbe tatizo ni saa ya seva. Yangu kwa sasa ni GMT+3, kwa hiyo H4 inafunga saa sita usiku, saa kumi alfajiri, saa mbili asubuhi na kuendelea. Yake ni GMT+0, inafunga saa tisa usiku, saa moja asubuhi, saa tano. Saa nne zilezile zimekatwa sehemu tofauti. Kwenye D1 yake kuna hata kijimshumaa cha Jumapili cha saa tatu tu, ambacho kwangu hakipo.

Nilijaribu kubadili saa kwenye TradingView, lakini zilibadilika namba za chini tu, mishumaa ikabaki vilevile.

Naegemea seva yangu kwa kuwa siku yake inafunga pamoja na New York, saa kumi na moja jioni ya kule. Ila majira yao ya baridi yakianza, kufunga huko kutasogea hadi saa saba usiku kwetu. Mnaotredi H4 kwa muda mrefu, mnathibitisha ishara kwa seva zote mbili, au mnashuka H1?