Mrejesho: barua yangu ya kuomba uhamisho

Niliuliza: "Mama ni mgonjwa na namuuguza peke yangu. Niandikeje barua ya uhamisho isisomeke kama malalamiko?"

Ndugu zangu, ombi limekubaliwa, asanteni sana. Ugonjwa niliueleza kwa ufupi tu: mama anasafishwa figo kila wiki, hana mwingine wa kumsindikiza, barua ya daktari imeambatishwa. Nguvu nyingi niliiweka kwenye pengo nitakaloacha, maana ndilo linalomsumbua mwajiri. Nikaandika: "Nimempata mwalimu wa Hisabati aliye tayari kubadilishana nami, barua yake ya ridhaa imeambatishwa. Naomba kuondoka mwishoni mwa muhula, baada ya kukabidhi maazimio ya kazi na alama za wanafunzi." Mkuu wa shule aliisoma, akaidhinisha, akaipitisha.