Mrejesho: ile tebo ya maji ya visima imekuwa grafu

"Wadau, niko na tebo ya koloni za E. coli za visima sita, kila kimoja nimepima mara tatu, naifanya aje iwe grafu ya prezentesheni?"

Asanteni sana, nimepresenti jana hapa Kisumu. Aliyesema niachane na baa niweke nukta zote tatu za kila kisima alinisaidia sana, maana kisima kimoja kilikuwa na 2,400 na kingine 12, hiyo baa ya 12 hata haikuonekana, so nikaingia Format Axis nikatiki Logarithmic scale vyote vikatokea. Kepsheni: "Mchoro 1. Koloni za E. coli kwa mililita 100 za maji. Kila nukta ni kipimo kimoja. Mhimili wima ni wa logi." Sehemu ya matokeo ni sentensi mbili tu, sababu za hizo tofauti nimeziachia sehemu ya majadiliano.

Pale nilichemka ni kisima cha tano. Vipimo viwili vilikuwa sufuri na logi haina sufuri, zikapotea, mwalimu akauliza mbona nukta ni moja, nikabaki nimekodoa macho. Sasa nimeziweka kwa 0.5 kama siris ya pembeni, duara tupu, mhimili unaanzia 0.1, na kepsheni inasema duara tupu ni "hakuna koloni iliyoonekana".