Ripoti ya kamera ya joto ina picha kali, lagi imeungua. Nani anajibu hapa?

FundiBarafu_Mza

Wakuu, leo sina salamu ndefu. Nasimamia umeme kwenye kiwanda cha barafu ya samaki hapa Mwanza. Tulimlipa mkaguzi aipige paneli kuu kwa kamera ya joto. Akaleta ripoti inayopendeza macho: picha za 640 kwa 480, kingo za breka zimenyooka, hata maandishi ya kwenye breka yanasomeka. Kwenye lagi ya fezi ya njano ya kompresa akaandika nyuzi 52, "hali ya kawaida".

Hazikupita wiki nyingi, lagi hiyohiyo ikaungua na kompresa ikabaki na fezi mbili. Barafu ikayeyuka, wenye sangara wakatugeukia sisi.

Nikachukua flashi yenye faili zake za asili nikaendesha hii:

```
exiftool -RawThermalImageWidth -RawThermalImageHeight IR_0412.jpg
```

Jibu likaja 160 na 120. Yaani sensa ya joto ilipima nukta 19,200, halafu ripoti ikanionyesha nukta 307,200. Katika kila nukta 16 nilizolipia, 15 zimejazwa na programu. Na ule ukali wa kingo haukutoka kwenye joto hata kidogo. Umetoka kwenye kamera ya kawaida iliyo pembeni ya lenzi ya joto, mistari yake ikachotwa na kubandikwa juu. Ripoti nzima haina sentensi moja inayosema hivyo! Meneja wangu aliiona picha akasema "hii imeonekana vizuri", akasaini. Nina hasira, na nataka mnaojua mniambie: programu hizi zina haki ya kuongeza nini?

DogoSolar

Pole mkuu. Mimi nasema siku zote, kukuza picha ni utapeli mtupu. Sensa ikiona 160 imeona 160, basi. Anayetaka kuona zaidi anunue sensa ya 640.

Mama_Vipimo

DogoSolar, umepatia nusu. Ukichukua picha moja ukaikuza, programu inakadiria tu kilichopo kati ya nukta na nukta. Hapo hakuna kipimo kipya, na ile iliyofundishwa kwa maelfu ya picha ni ya kuogopa zaidi, kwa sababu inachora kinachofanana na paneli alizowahi kuona mtu mwingine, si paneli yako.

Ila kuna njia ya pili. Kamera inapiga picha kadhaa mfululizo ukiwa umeishika mkononi. Mkono unatikisika kidogo, kwa hiyo kila picha inaiangukia lagi mahali tofauti kidogo kwenye sensa, na programu inazipanga pamoja. Huo ni upimaji wa kweli. Masharti yake ni kwamba kitu kisiwe kinasogea, na mkono usitulie kabisa. Ukiifunga kamera kwenye stendi, picha zote zinakuwa zilezile na faida inapotea. Kuna mpaka pia, maana mawimbi ya joto ambayo kamera inayaona yana urefu wa karibu maikromita 10, lenzi yenyewe inayatawanya. Nukta ya sensa ikiwa ya maikromita 12, lenzi nzuri kabisa bado inaimwaga ncha moja ya joto juu ya nukta mbili hivi. Huo ukungu hauondoki kwa kupiga picha nyingi.

Kuhusu kuchanganya na picha ya kawaida, mimi naitetea kwa kazi moja: kukuambia joto liko *wapi*. Bila maandishi ya breka ungejua kuna doa, usijue ni la fezi ipi. Lakini namba ya nyuzi haiboreki. Na ukiwa karibu sana mistari inahama, kwa sababu lenzi mbili haziko mahali pamoja. Doa linaweza kuonekana limekaa kwenye lagi ya jirani.

FundiBarafu_Mza

Asante dada. Sasa ile 52 ilitoka wapi? Lagi iliyoungua haiwezi kuwa ilikuwa 52.

Mama_Vipimo

Tupige hesabu. Tuseme kamera yake ya 160 ina lenzi yenye pembe ya nyuzi 57 hivi. Akisimama mita 2, kamera inaona upana wa karibu mita 2.2. Gawanya kwa 160, kila nukta inafunika milimita 14 kwa 14. Sehemu ya lagi iliyo wazi tuseme ni milimita 10 kwa 10. Hiyo ni nusu ya nukta moja tu.

Chukulia lagi ilikuwa nyuzi 90 na paneli inayoizunguka 40. Ikiangukia katikati ya nukta moja, kamera inachanganya nusu kwa nusu na kusoma karibu 65. Ikiangukia kwenye kona ya nukta nne, kila moja inapata kipande kidogo na kusoma kama 47. Ile 52 inakaa humohumo. Ukiikuza ile 52 mara 16 unapata doa laini zuri la 52. Ili namba iaminike, kitu kinatakiwa kifunike angalau nukta tatu kwa tatu. Hapo angesogea hadi chini kidogo ya nusu mita, au angetumia lenzi ya pembe nyembamba.

Mwanagenzi_Ramani

Samahani nadandia uzi. Nafanya utafiti wa joto la mitaa ya Kisumu kwa setilaiti ya Landsat 8. Bendi ya joto naipakua ina nukta za mita 30, kwa hiyo naweza kulinganisha paa na paa, si ndiyo?

Mama_Vipimo

Hapana mwanangu. Sensa ya joto ya Landsat 8 inapima kwa mita 100. Wanaikata upya kuwa mita 30 ili ilale sawa na bendi nyingine, na hilo wameliandika wazi kwenye maelezo yao. Linganisha mtaa na mtaa, paa achana nalo.

FundiBarafu_Mza

Mmeona? Wa setilaiti wanaandika. Huyu wa kwangu aliona nini kigumu kuandika "sensa 160×120, umbali mita kadhaa"?

Kontakta40

Mimi bado sikubali kwamba kosa ni nukta peke yake. Siku ya ukaguzi kompresa ilikuwa inavuta ampea ngapi? Kama ilikuwa inavuta kidogo, hata sensa ya 640 ingeweza kusoma 52. Halafu shaba inayong'aa inaakisi joto la chumba, kamera inadanganyika hata ukiwa karibu.

FundiBarafu_Mza

Ripoti haina ampea. Hilo nalo naliingiza kwenye barua. Shaba haikuwa inang'aa, ilikuwa nyeusi.

Mama_Vipimo

Kontakta40 ana hoja, na bila ampea hatutajua nani kati yetu yuko sahihi. Ila kabla hujamlipa mkaguzi mwingine, mpe mtihani huu. Chukua sufuria ya aluminiamu inayong'aa, jaza maji ya moto, bandika vipande viwili vyembamba vya tepu nyeusi ya umeme. Tepu itaonekana ya moto, sufuria yenyewe itaonekana baridi. Zima kabisa kuchanganya na picha ya kawaida, arudi nyuma hadi umbali atakaotumia kwenye paneli. Punguza nafasi kati ya tepu hadi mbili zionekane moja. Kisha awashe programu yake ya kukuza. Zikitengana, na nafasi ikiwa ni ileile uliyoipima kwa rula, kuna kitu cha kweli imeongeza. Zikibaki moja yenye kingo kali, umeshapata jibu.

DogoSolar

Na hiyo ya picha nyingi za mkononi, itazitenganisha?

Mama_Vipimo

Kwangu ilizitenganisha, lakini si kwa umbali wote. Jaribu kwa yako uandike hapa.

FundiBarafu_Mza

Mkaguzi kanijibu sasa hivi kwamba "programu imeidhinishwa na mtengenezaji". Sikumuuliza hilo. Nimemuuliza umbali na ampea. Kesho naenda ofisini kwao na sufuria na tepu.