Kikundi cha ukoo: M-PESA ya Shangazi imefungwa

Shangazi Maimuna: Assalaam aleikum. Naandika kwa simu ya Zuhura. Niko Kongowea, nishachukua nazi na ndizi za 1,200, kulipa naambiwa namba ya siri si sahihi. Nimerudia, nimerudia tena, sasa yasema imefungwa. Mwenye nazi anikodolea macho. Nifanyeje?

Athmani: Waaleikum salaam shangazi. Hiyo ni PUK. Tafuta ile kadi iliyokuja na laini, namba zake ziko hapo.

Mwanaidi: Athmani, ngoja kwanza. Shangazi, kabambe yako yapiga simu?

Shangazi Maimuna: Yapiga. Nimempigia Zuhura sasa hivi.

Mwanaidi: Basi laini ni nzima, PUK haihusiki. Kilichofungwa ni M-PESA peke yake, kwa sababu umekosea mara tatu. Pesa zako ziko palepale. Usijaribu tena mpaka nikwambie.

Ami Salimu: Mimi juzi nilituma 500 kwa mtu nisiyemjua, nikapeleka ule ujumbe 456, zikarudi. Maimuna, jaribu 456.

Mwanaidi: Ami, hiyo ni ya pesa zilizokwenda kwa mtu mwingine. Za shangazi hazijatoka.

Athmani: Nipe till ya mwenye nazi, nimlipe mimi kwanza. Shangazi asisimamishwe juani.

Shangazi Maimuna: Allah akubariki mwanangu. Zuhura akutumia sasa hivi.

Mwanaidi: Shangazi, namba ya siri waikumbuka? Usiiandike hapa.

Shangazi Maimuna: Naikumbuka kama jina langu.

Mwanaidi: Sasa mbona imekataa mara tatu? Hapa kibandani Mwembe Tayari naona sana jambo hili, mtu aijua namba yake lakini simu yamwangusha. Ukiingiza PIN waona nyota tu, huwezi kujua tarakimu gani imeingia. Fanya hivi: bonyeza 1 mpaka 9 kama unayetaka kupiga simu, lakini usipige. Kwenye skrini zatokea zipi?

Shangazi Maimuna: Zuhura hapa. Nimebonyeza kila moja mara moja, imetokea 12345678 halafu 8 nyengine, ndipo 9. Kitufe cha 8 kimelegea, hata mpira wake umebonyea upande.

Mwanaidi: Ndicho hicho. Hata mkifungua leo, kwa simu hiyo itafungwa tena kesho. Toeni laini, muitie kwenye simu ya Zuhura.

Shangazi Maimuna: Kuna kijana hapa karibu na mizani ajitolea kutusaidia. Asema tumpe simu na kitambulisho, ni dakika mbili tu.

Mwanaidi: HAPANA. Shangazi, nakusihi, usimpe. Kwenye menyu ya kufungua waulizwa namba ya kitambulisho. Akiwa na laini yako mkononi na namba hiyo, aweza kujiwekea PIN yake mwenyewe. Hata mimi niliye ajenti sina mamlaka ya kukufungulia, na ajenti akikuuliza PIN, ondoka.

Bi Mkubwa: Maimuna, toka hapo mizani. Kaeni pembeni.

Shangazi Maimuna: Tumetoka. Laini tumeshaitia.

Mwanaidi: Pigeni *334#, ingieni My Account, kisha M-PESA PIN Manager. Mtaona pa kufungua, kwa anayekumbuka namba yake, na pa aliyesahau. Aliyesahau hutumiwa PIN ya kuanzia kwa meseji, aitumie kuweka yake mpya. Ile meseji haisomewi mtu kwa simu, hata ajitambulishe vipi. Shangazi ana yake, kwa hiyo chagueni ya kufungua tu.

Shangazi Maimuna: Nimetia namba ya kitambulisho changu, imekataa. Zuhura ameisoma kwenye kadi mara mbili, hatujakosea.

Mwanaidi: Laini hiyo ilisajiliwa na nani?

Shangazi Maimuna: Ooh. Hamisi ndiye aliyeninunulia, wakati nikiuguza mguu. Mimi sikwenda dukani.

Mwanaidi: Basi ni kwa kitambulisho chake. Hakikisheni: kwa laini hiyohiyo pigeni *106#, muone usajili.

Shangazi Maimuna: Ni Hamisi.

Athmani: Si atume tu namba yake ya kitambulisho hapa, tumalize?

Mwanaidi: Si hapa kwenye kikundi, tuko wengi. Na mimi sitaki ifunguliwe hivyo halafu iendelee kuwa ya Hamisi. Ikipotea laini, shangazi hatakuwa na la kudai. Hamisi aje na kitambulisho chenyewe, waende pamoja duka la Safaricom, ifunguliwe na waulize kuihamishia jina lake shangazi. Wakipiga 100, wataulizwa habari za mwenye usajili vilevile.

Bi Mkubwa: Hamisi yuko Lamu mpaka Ijumaa.

Shangazi Maimuna: Na mteja wangu wa mahamri anitumia jioni. Zitaingia?

Athmani: Zitaingia, kilichofungwa ni kutoa tu.

Mwanaidi: Sitaki kuapa kwa hilo. Mwambie atume kwa Zuhura.

Shangazi Maimuna: Haya. Nampigia Hamisi sasa.