Nguzo mbili, ndoo zilezile, zege tofauti: tuache kupima kwa ndoo?

Mjengaji_Bunju:
Wakuu, nguzo za Jumatatu zimetoka safi, za Alhamisi tumefungua mbao leo kokoto ziko nje kama sega la nyuki. Fundi yuleyule, mfuko mmoja wa simenti kwa ndoo tatu na nusu za mchanga na saba za kokoto. Jirani anasema kupima kwa ndoo ni ubabaishaji, kupigwe marufuku, zege lipimwe kwa mzani. Kuna ukweli, au fundi kanipiga simenti?

Fundi_Koleo:
Hapo kwenye "kanipiga" ndo mnaponiudhi nyie matajiri. Zege likitoka zuri ni injinia, likitoka baya fundi kaiba. Miaka 22 napima kwa ndoo na nyumba zangu zimesimama, huo mzani nani ataununua, wewe unayelipa posho ya saidia fundi kwa mafungu?

Mjengaji_Bunju:
Sijakutaja wewe mkuu, fundi wangu ni mwingine kabisa.

Fundi_Koleo:
Umetaja mafundi. Mimi ni fundi.

Mama_Maabara:
Mjengaji, kabla hujamfukuza mtu nijibu kitu kimoja, mchanga wa Jumatatu na wa Alhamisi ulikuwa rundo moja?

Mjengaji_Bunju:
Hapana dada, wa Jumatatu ulikaa saiti wiki tatu jua linauchoma. Ukaisha, Jumatano ikaja tripu mpya ya Mpiji, huo ukiufinya mkononi unashikana.

Kijana_wa_Chuo:
Jibu hilo hapo. Mchanga ukilowa unavimba, kwa hiyo ndoo inabeba mchanga kidogo. Na mvua kubwa ikinyesha ndo mbaya zaidi, unavimba mpaka mwisho.

Mama_Maabara:
Nusu ya kwanza sawa mdogo wangu, ya pili umeigeuza. Hujawahi kucheza na mchanga pale Koko Bichi? Mkavu haujengeki, unamwagika. Mbichi kiasi unajenga ngome. Wimbi likija ngome inakaa chini. Punje zenyewe hazivimbi, ila utando mwembamba wa maji unazishika zikae mbalimbali, katikati panabaki hewa. Maji yakijaa kabisa ule utando haupo tena, punje zinashuka zinapangana kama za mchanga mkavu. Kwa hiyo mbaya ni ule ubichi wa asilimia tano hivi, wala si mchanga uliolowa chepechepe. Na mchanga laini unavimba kuliko wenye punje kubwa. Kokoto hazina shida hiyo, ni nzito mno kushikiliwa na utando wa maji, na simenti inakuja kwenye mfuko ikiwa imeshapimwa kilo 50. Anayedanganya kwenye ndoo ni mchanga peke yake.

Mwana_Kigamboni:
Subirini kwanza. Mwaka juzi nilishusha mchanga mbichi lori zima, asubuhi moja baada ya mvua kubwa ya usiku nakuta rundo limepungua kabisa, nikamfukuza mlinzi. Mnataka kuniambia hakuiba??

Fundi_Koleo:
😂😂 Mzee wa watu kafukuzwa kwa sababu ya hewa

Bibi_Harusi_wa_Tegeta:
Umtafute umwombe radhi bwana, na mshahara wake umpe

Mwana_Kigamboni:
Alikuwa anapokea wageni usiku, msimtetee msiyemjua. Mimi nauliza kuhusu wauza mchanga, wanapima ujazo wa bodi la lori, kumbe tunanunua hewa?

Mama_Maabara:
Kwa sehemu ndiyo, lori likija na mchanga mbichi umelipia na hewa. Ila huyo mlinzi siwezi kumsafisha kwa mbali, rundo kushuka na rundo kuibwa vinaweza kutokea usiku mmoja.

Bibi_Harusi_wa_Tegeta:
Mbona kila kitu analaumiwa mlinzi, sisi wa kwetu aliambiwa kaiba nondo kumbe zilifunikwa na kifusi

Mjengaji_Bunju:
Jamani nguzo zangu. Dada, nitajuaje umevimba kiasi gani?

Mama_Maabara:
Chukua kopo la rangi lenye kuta wima, usitumie ndoo maana ndoo ni pana juu kuliko chini, kipimo cha kimo kitakudanganya. Chota mchanga kutoka ndani ya rundo, usichote ule wa juu ambao jua limeshaukausha. Umimine taratibu bila kushindilia, usawazishe, upime kimo kwa rula. Kisha uumwage wote kwenye beseni, utie maji nusu kopo, urudishe mchanga kidogo kidogo huku unakoroga na kipande cha nondo hewa itoke. Acha utulie, sawazisha, pima tena.

Mjengaji_Bunju:
Nimetoka kupima sasa hivi, mke wangu ananishangaa. Mwanzo sentimita 15, baada ya maji 12.

Kijana_wa_Chuo:
Tatu kati ya 15, asilimia 20.

Mama_Maabara:
25. Gawa kwa 12, maana unatafuta uongeze kiasi gani juu ya mchanga halisi. Ndoo zako tatu na nusu za Alhamisi zilikuwa na mchanga wa ndoo mbili nukta nane tu. Mfuko ni kama ndoo moja na robo tatu, kwa hiyo ile moja mbili nne yako ya simenti, mchanga na kokoto ikawa moja, moja nukta sita, nne. Mchanga hautoshi kujaza nafasi za katikati ya kokoto, ndo unaona mashimo. Kwa rundo hilo weka ndoo nne na theluthi na kidogo juu.

Kijana_wa_Chuo:
Kwa hiyo mchanga kidogo simenti nyingi, zege si ndo linakuwa kali zaidi?

Mama_Maabara:
Kwenye karatasi. Saiti zege likiwa gumu kufanya kazi saidia fundi anaongeza maji. Na mchanga wenyewe umekuja na maji yake, ndoo zile tatu na nusu za Alhamisi kwa ubichi wa asilimia tano zilikuwa na lita nne hivi ambazo hakuna aliyezihesabu. Kama mfuko ulikuwa unaupa lita 27, ungetia 23 kwanza.

Fundi_Koleo:
Sisi tunatia maji kwa jicho

Mama_Maabara:
Najua kaka, vipande vya zege mnavyoleta maabara ndo vinaniambia.

Fundi_Koleo:
Haya tumeshatukanwa tena. Lakini mimi niulize kitu ambacho hamjauliza, hiyo nguzo ya Alhamisi waliishindilia na nini? Mbao zilikuwa zinavuja? Ringi zimekaa karibu karibu? Maana mimi nimeona mashimo kwenye zege lenye mchanga wa kutosha, uji umetoka wote kwenye nyufa za mbao.

Mjengaji_Bunju:
Vibreta hatukuwa nayo, wamechokonoa na nondo. Mbao sikuangalia.

Mama_Maabara:
Hapo fundi kasema kweli, mchanga nauona kwenye hesabu ila mbao sikuziona. Na hilo la marufuku siliungi mkono. Mzani ni bora, mchanga wa ubichi huo ukiupima kwa kilo unakosea asilimia tano tu, ila nao hautoi maji yaliyomo, na nyumba ya vyumba vitatu hakuna atakayeuleta. Ndoo yenye kopo pembeni inatosha, mradi kopo lirudiwe kila tripu mpya ikishuka na kila mvua ikinyesha.

Kijana_wa_Chuo:
Mimi bado marufuku. Nani atarudia kopo saa sita mchana na zege linasubiri?

Fundi_Koleo:
Nitarudia mimi. Tajiri alete kopo, na posho ya aliyeshika rula.

Mwana_Kigamboni:
Hivi yule mlinzi kuna mtu ana namba yake