Koti la sufi linajikunja kila nikifunga vifungo, nakosea wapi?

Nyasa2: Wakuu, naombeni msaada. Nimenunua koti zito la sufi la mtumba, nilivae Njombe mwezi wa sita. Vifungo vilikuwa vimevunjika, nikashona vipya vya matundu manne, nikavikaza visitoke. Koti likiwa wazi limenyooka. Nikilifunga, kila kifungo kinadidimia kama kitovu na kitambaa kinapiga mikunjo pembeni. Nimepiga pasi mara mbili, bado.

Mtaa wa Saba: Tundu dogo hilo. Liongeze kwa wembe.

Nyasa2: Hapana ndugu, kifungo kinapita bila kusukumwa.

Rehema_K: Umekaza mno. Fumua, shona upya uzi ukiwa umelegea. Mashati yangu nafanya hivyo.

FundiCherehani: Nyasa, usiguse tundu! Rehema yuko sahihi kuhusu kukaza, lakini ukiishia kulegeza, kifungo kitaning'inia na uzi utasagika. Ukifunga koti, upande wenye tundu unaingia chini ya kifungo. Chako kimelala juu ya kitambaa, kwa hiyo upande huo unakosa nafasi na kubanwa. Pasi haiondoi hilo. Kifungo kinahitaji shingo ya uzi, urefu wake sawa na unene wa ukingo wenye tundu au zaidi kidogo.

Minya ukingo huo kwa vidole uone unene. Kwa koti kama lako mara nyingi ni kama milimita 3, na kijiti cha mshikaki kinatosha. Kilaze juu ya kifungo katikati ya matundu, pitisha uzi juu yake mara nne kila jozi. Kichomoe, vuta kifungo juu, uone nyuzi zilizolegea chini yake. Toa sindano kati ya kifungo na kitambaa, zungusha uzi kwenye nyuzi hizo mara tano au sita, ukianzia chini ya kifungo kushuka. Kaza kiasi, shingo isimame. Malizia kwa mishono midogo mitatu upande wa ndani.

Bi Shela: Na kifungo kidogo bapa upande wa ndani, shona vyote pamoja. Bila hicho sufi itachanika.

FundiCherehani: Kwa sufi nzito yenye kitambaa kigumu ndani, sioni lazima.

Bi Shela: Mimi siachi, nimeshaona koti likitoboka.

Asha wa Tanga: Na blauzi yangu nyepesi je? Inajikunja hata ikiwa wazi.

FundiCherehani: Hiyo ni tofauti, Asha. Ikijikunja wazi, mshono ndio unaovuta kitambaa. Tumia sindano nyembamba, uzi mmoja, njiti ya kibiriti badala ya mshikaki, na kipande kidogo cha kitambaa nyuma.

Nyasa2: Nimefumua vyote. Cha juu kimekaa vizuri kabisa, kitovu hakipo. Cha tumboni bado kinakunja nikikaa, nikisimama hakuna kitu.

FundiCherehani: Ukisimama limenyooka? Basi shingo iko sawa. Hapo tumboni huenda koti lenyewe linakubana. Piga picha ukiwa umekaa, tuone mikunjo inaelekea wapi.